Rufaa: video ya viwavijeshi iliyowekewa kizuizi kwa sababu ya maneno ya kichwa na lebo

Bweyale, Wilaya ya Kiryandongo,
Uganda.
8 Aprili 2025

Kwa Kitengo cha Kupitia Rufaa za Video

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA KIZUIZI KWENYE VIDEO “JESHI LIMEVAMIA! UA MAPEMA, PIGA MOYONI”

Ndugu wahusika,

Salaam. Mimi ni mkulima wa mahindi hapa Bweyale na mwenye chaneli ya Shambani Bweyale, ambayo imekuwa kwenye jukwaa lenu tangu 2021. Naomba uamuzi wenu wa tarehe 3 Aprili upitiwe upya, na kama inawezekana, upitiwe na mtu anayesoma Kiswahili.

Video yenyewe ina dakika 11 na sekunde 40. Niliipakia tarehe 1 Aprili. Siku mbili baadaye nikapata taarifa kwamba imewekewa kikomo cha miaka 18 na kuondolewa kwenye mapendekezo, kwa kuwa kichwa, maelezo au lebo zake “huenda zinahimiza ukatili”. Taarifa haikutaja neno lenyewe. Nimekaa na maneno yangu yote, nikayapitia moja moja kama mtu anayechambua mchele, na nadhani nimeyaona yaliyonichongea. Naomba niyaeleze.

Jeshi ninalolisema ni la viwavi. Mdudu huyu kwa Kiswahili anaitwa kiwavijeshi vamizi, kwa hiyo “jeshi” na “kuvamia” vyote viwili vimo ndani ya jina lake kabla mimi sijafungua mdomo. Aliingia Afrika kutoka bara la Amerika, akaripotiwa mara ya kwanza Afrika Magharibi mwaka 2016, na kufikia 2017 alikuwa ameshatangazwa hapa Uganda. Kwenye mstari wa tatu wa maelezo ya video niliandika jina lake la kisayansi, Spodoptera frugiperda, ili asije mtu akamchanganya na viwavi wengine. Sikujua kwamba wa kuchanganywa ningekuwa mimi.

“Piga moyoni” ndiyo inayotisha zaidi, nakubali. Lakini moyo unaotajwa ni moyo wa mmea, yaani pale katikati ambapo majani machanga ya mahindi yanachomoza yakiwa bado yamejikunja kama faneli. Kiwavi akishakua hujichimbia humo, anakula jani changa na kujifunika kwa kinyesi chake kinachofanana na unga wa mbao. Ukipulizia dawa juu juu, haimfikii. Kwa hiyo kila bwana shamba atakuambia uelekeze dawa, majivu au mchanga moyoni. Na kwetu dawa “hupigwa”. Mtu akisema jana nilipiga dawa, hakuna anayekimbilia polisi.

Neno lingine ni “bomba”, ambalo limo kwenye maelezo mara nne na kwenye lebo mara moja: “bomba la mgongoni”. Anayelisoma kwa jicho la Kiingereza anaweza kuona bomu ndani yake. Bomba la mgongoni ni chombo cha kupulizia dawa, kile chenye tangi, mpini na mpira mrefu, ambacho kiko katika kila duka la pembejeo mjini hapa. Nikiliunganisha na “jeshi”, “ua” na “mgongoni”, hata mimi naona picha ambayo mashine ingeweza kuichora. Mwanangu aliye S.4 alicheka mpaka akakaa chini.

Kuhusu “ua” na “sumu”, sina maelezo marefu. Wadudu huuawa. Sumu imetajwa kwenye maneno “bila sumu kali”, yaani video inamfundisha mkulima aanze na njia nyingine kwanza. Neno “bila” nadhani lilirukwa.

Sasa niseme na makosa yangu, maana yapo. Lebo za video hii nilizinakili kutoka video yangu ya Februari iliyohusu kusafisha shamba kabla ya mvua, nikasahau kufuta mbili: “panga” na “fyeka”. Hakuna panga hata moja katika video hii. Lebo zile hazikuwa na haki ya kuwepo, na zikiwa jirani na “jeshi” na “ua”, sishangai kengele ikilia. Nchi yetu na majirani zetu wameona mengi, na neno panga si la kuchezea. La pili, picha ya jalada ina herufi nyekundu kubwa “UA!” kando ya jani lililotobolewa. Nilitaka mtu anayepita asimame. Ukiikata picha hiyo iwe ndogo kama inavyoonekana kwenye simu, jani halionekani vizuri, inabaki “UA!” peke yake. Hilo ni kosa la uandishi, nalikiri, lakini si uchochezi.

Nawaomba mtazame yaliyomo, kwa sababu hapo ndipo shaka itaisha. Dakika ya 1:10 naonyesha kichwa cha kiwavi kikiwa na alama ya Y iliyopinduka, na madoa manne ya mraba karibu na mkia, ambayo ndiyo vitambulisho vyake. Dakika ya 3:30 naonyesha mayai chini ya jani: jike mmoja anaweza kutaga zaidi ya mayai 1,000 maishani mwake, na huanguliwa kwa siku mbili hadi tatu, ndiyo maana nasisitiza “mapema”. Dakika ya 4:05 nambonyeza kiwavi kwa vidole. Hilo ndilo tukio la kikatili kuliko yote katika video nzima, na anayefaidika ni kuku wangu, ambaye anaonekana akija kumalizia. Dakika ya 5:45 natia majivu makavu moyoni mwa mmea. Dawa ya dukani inakuja dakika ya 8:20, mwishoni kabisa, nikiwa nimevaa glavu, barakoa na gambuti, na nasema wazi mkulima asome maelekezo ya chupa na asiwaache watoto wakaribie. Hakuna binadamu anayeumizwa, anayetishwa au anayetukanwa. Hakuna askari. Hakuna silaha.

Huenda mtajiuliza kwa nini siandiki kichwa kwa Kiingereza, yaishe. Bweyale ni mji wa watu waliotoka kila upande. Sokoni utakuta Waacholi, Walango, Waalur, Wanyoro, Wakenya, na ndugu zetu kutoka Sudan Kusini na Kongo walio kwenye makazi ya wakimbizi ya Kiryandongo. Kiswahili ndicho tunachopatania bei. Tangu marekebisho ya Katiba ya 2005 kimetajwa kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, ingawa wengi wetu kwa miaka mingi tulikisikia zaidi midomoni mwa askari. Ajabu ni kwamba jirani yangu mmoja, mzee wa Kinyoro, naye alipoona kichwa cha video aliniuliza, “Mama Rehema, siku hizi unatangaza habari za jeshi?” Akafungua, akakuta mahindi, akaangalia mpaka mwisho, kisha akaja kuomba majivu. Yeye alifungua kwanza. Hilo tu ndilo ninaloliomba kwenu.

Muda nao unanibana, na ndiyo sababu naandika kwa haraka kuliko ningependa. Wengi hapa tulipanda katikati ya Machi. Mahindi sasa yana wiki mbili, tatu, umri ambao kiwavi anaupenda. Hali ya hewa ikiwa na joto, hukaa kiwavi kwa wiki mbili au tatu tu, kisha huingia ardhini kuwa buu, na hapo uharibifu umeshafanyika. Video hii ikifunguliwa Mei, itakuwa ya kumbukumbu tu.

Siku mbili za mwanzo ilitazamwa mara 1,912. Tangu kizuizi kiwekwe, siku tano, ni mara 37. Na kikomo cha umri kinawaumiza hasa wale niliowalenga, kwa sababu wengi hapa hutazama kwa simu ya kuazima au ya familia, bila kuwa na akaunti yao. Ukurasa ukiwadai waingie na wathibitishe umri, wanaiacha. Mara nyingi anayeshika simu na kumsomea mama maandishi ni mtoto wa shule mwenye miaka 13 au 14, na huyo ndiye mliyemfungia mlango.

Kwa heshima, naomba mambo haya. Kizuizi cha umri kiondolewe na video irudishwe kwenye mapendekezo. Alama ya onyo iliyowekwa kwenye akaunti yangu ifutwe, kwa kuwa ndiyo ya kwanza tangu 2021 na sikuistahili kwa yaliyomo. Na kama baada ya kusoma haya bado mnaona kuna tatizo, nitajieni ni sehemu gani: kichwa, maelezo, lebo au picha. Nikijua ni neno lipi nitalirekebisha siku hiyo hiyo. Nisipojua, nitabaki nikikisia, na wiki zinakwenda.

Mpaka sasa sijabadilisha chochote, kwa sababu sikutaka ionekane nimeficha kilicholalamikiwa kabla hamjakiona. Mkiniruhusu, haya ndiyo nitakayoweka:

Kichwa: “Viwavijeshi kwenye mahindi: namna ya kuwadhibiti mapema wakiwa bado wadogo”

Mwanzo wa maelezo: “Somo kwa wakulima. Tunaangalia dalili za viwavijeshi vamizi kwenye mahindi machanga, jinsi ya kupata mayai chini ya majani, na njia za kuwazuia kwa mikono, majivu na mchanga kabla ya kufikiria dawa ya kupulizia.”

Lebo: viwavijeshi, viwavijeshi vamizi, mahindi, kilimo cha mahindi, wadudu waharibifu, kilimo Uganda, Bweyale, Kiryandongo

Picha ya jalada: mkono wangu ukiwa umeshika jani lenye mayai, na neno “MAHINDI” kwa herufi za kijani. Haitavutia kama ile ya kwanza, najua, lakini haitamtisha mtu.

“Bomba la mgongoni” ningeomba niliache ndani ya maelezo, chini huko, kwa kuwa hatuna jina lingine la kitu hicho ambalo mkulima wa hapa analielewa.

Napatikana kupitia barua pepe iliyosajiliwa kwenye akaunti, na nitajibu swali lolote ndani ya siku moja, umeme ukiwepo. Nikihitajika kutuma video ghafi bila maandishi yoyote juu yake, ninayo.

Natanguliza shukrani kwa muda wenu.

Wenu katika kazi,

Mama Rehema
Shambani Bweyale