Barua kwa Raya aliyeko Glasgow

Wete, Pemba
24 Novemba 2024

Shoga yangu Raya,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Baada ya salamu, sisi huku hatujambo, na natumai barua hii itakukuta u mzima wa mwili, ingawa kwa ujumbe wako wa sauti wa juzi usiku najua kwamba moyo hauko hivyo. Nimeusikiliza tena asubuhi, nikaona kuwa ulilonieleza halistahili kujibiwa kwa maneno mawili ya "vumilia, utazoea", ndiyo maana nimekaa kitako nikuandikie kwa urefu. Nawe isome umetulia, na ikiwezekana isome mchana, nje ya chumba chako.

Umeniuliza kama uache masomo huko Scotland urudi nyumbani. Jawabu langu ni kwamba usiliamue jambo hilo sasa. Sisemi hivyo kwa kuogopa maneno ya watu, wala sioni kwamba kukumbuka kwenu ni udhaifu. Nasema hivyo kwa sababu unataka kuamua katika kipindi kigumu kuliko vyote vya mwaka kwa mtu aliyezaliwa na kukulia kiasi cha digrii tano tu kusini mwa ikweta. Hapa Wete jua huchwa baada ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, likichelewa au likiwahi kwa nusu saa hivi tu, na maisha yetu yote ya jioni, tangu watoto kurudi madrasa hadi watu kukaa barazani, yamefungwa na saa hiyo. Ulipofika Glasgow mwezi wa Septemba jua lilikuwa likichwa baada ya saa moja usiku, ukaniandikia kwa furaha kwamba jioni za huko ni ndefu. Kisha mwisho wa Oktoba saa zikarudishwa nyuma, na wiki hii jua lako linazama kabla ya saa kumi jioni na kuchomoza baada ya saa mbili asubuhi. Ndani ya miezi miwili umepunguziwa zaidi ya saa nne za mwanga, na bado unajilaumu kwamba huna nguvu ya kuamka! Baadhi ya huzuni unayoiona ni ya kutukumbuka sisi, na baadhi yake, naamini, ni ya giza tu. Hutaweza kuzitenganisha mpaka mwanga urudi.

Nao utarudi. Tarehe 21 Desemba ndiyo siku fupi kuliko zote, mchana wake ni kiasi cha saa saba, na baada ya hapo kila siku inaongezeka kidogo kidogo hadi Machi, ambapo mchana wenu utalingana na wetu kisha uupite. Mwezi wa Juni utalalamika kwamba jua halichwi hadi saa nne usiku. Shahada yako ni ya mwaka mmoja, na vipindi vya darasani, kama ulivyonionesha kwenye ratiba, vinakwisha katika majira ya kuchipua; kiangazi chote ni cha kuandika tasnifu. Kwa hiyo nakuomba uliweke swali lako la kurudi hadi mwisho wa Aprili. Ukilifungua wakati huo na moyo bado unakuambia urudi, sitakupinga hata kwa neno moja, na nitakuja kukupokea uwanja wa ndege wa Chake mwenyewe. Lakini uamuzi wa Novemba siutambui.

Hadi Aprili kuna siku nyingi za kuishi, nami sitaki uziishi kwa kusubiri tu. Jambo lililonitia wasiwasi zaidi katika maelezo yako si kulia. Ni pale uliposema kwamba ukishaona giza unapanda kitandani na simu, ukiangalia video za huku mpaka usingizi ukuchukue. Raya, unapoteza jioni zote mbili: ya kwetu huwezi kuishika kwa macho, na ya huko huiishi. Uliniomba nikupigie simu ya video kila siku wakati tunapopika ili uwe nasi jikoni, na hilo, kwa mapenzi yote niliyonayo kwako, sitalifanya. Nitakupigia Jumamosi na Jumatano, tuzungumze mpaka tushibe, na siku nyengine nataka kusikia umekuwa wapi na nani. Najua utanikasirikia kidogo. Kasirika, kisha vaa koti utoke.

Utoke mchana hasa, kwenye saa sita au saa saba, hata kama mbingu ni ya kijivu na manyunyu yanaanguka, kwa sababu mwanga wa nje wa siku ya mawingu bado unaushinda wa taa za maktaba. Na uninunulie, au tuseme ujinunulie, vidonge vya vitamini D. Hii si dawa ya kienyeji ya bibi. Serikali ya huko yenyewe inawashauri watu wote wafikirie kumeza maikrogramu 10 kwa siku katika miezi ya vuli na baridi, na wenye ngozi nyeusi kama yetu, au wanaojistiri mwili kwa mavazi, inawashauri mwaka mzima. Wewe umekusanya sifa zote mbili.

Jambo jengine ni daktari. Ulipoomba viza ulilipa ada ya afya, kwa hiyo haki ya kutibiwa unayo, na Scotland dawa zinazoandikwa na daktari hazilipiwi. Kama hujajiandikisha kwenye kliniki ya mtaani kwako, fanya hivyo wiki hii, kabla hujaumwa. Ukiona wiki mbili zimepita hulali vizuri, huli, na hata mambo uliyoyapenda hayakuvuti tena, huko si kukumbuka nyumbani tu, na ni lazima umwambie daktari au watu wa ushauri nasaha wa chuo kwa maneno yasiyozungushwa. Sisi Wapemba tuna tabia ya kumjibu daktari "sijambo, alhamdulillahi" huku tumejishika tumbo. Huko mtu akisema hajambo anaaminiwa na kuruhusiwa aende zake. Vilevile mwandikie mwalimu wako msimamizi, mistari minne inatosha, umwambie kwamba kuzoea mji kunakuwia kuzito. Usingoje mpaka kazi za darasani zirundikane ndipo uanze kujieleza.

Kuhusu swala, nimeona ulivyohangaika. Adhuhuri, alasiri na magharibi zinabanana ndani ya muda wa saa nne hivi, na katikati yake kuna kipindi cha darasa. Kitumie kile chumba cha kuswalia ulichoniambia kipo chuoni, na Ijumaa usiyokuwa na darasa fika Msikiti Mkuu wa Glasgow, ule ulio kando ya mto Clyde. Ukimaliza kuswali usikimbilie mlango. Salimia, uliza kama kuna Waswahili; usipompata Mzanzibari utampata mtu wa Mombasa au Msomali aliyepata kuishi Mombasa, na huyo atakuonesha mengine. Ramadhani inatarajiwa mwanzoni mwa Machi, na ni vyema uwe na watu wa kufuturu nao kabla haijafika, kwa sababu mwezi huo ndio utakaokutia majonzi ukiwa peke yako. Mfungo wenyewe usiuogope. Siku za mwanzo hazitakuwa ndefu kuliko zetu.

Chakula usikifanyie utani. Umeniambia unakula mkate mkavu na chai kwa kuwa huna hamu ya kupika kwa ajili ya mtu mmoja. Basi usipike kwa ajili ya mtu mmoja. Mitaa ya Pollokshields ina maduka ya Wapakistani na Wahindi ambamo utapata mchele mzuri, hiliki, binzari, bamia na tui la kopo, ambalo halifikii la nazi ya kukuna lakini wali utakubali. Pika Jumapili, waite wale wasichana wawili unaokaa nao, hata kama hadi leo hamjapita salamu za ujirani. Watu wa huko, kwa ulivyonieleza, hawaingii kwa mtu bila ya kualikwa, nawe umelelewa katika nyumba isiyofungwa mlango, kwa hiyo kila mmoja anamngoja mwenzake. Karafuu utaziona dukani ndani ya kichupa. Usizikumbatie ukilia, kwani huenda ni za Indonesia, wanaolima nyingi kuliko sisi. Na tafadhali usifukize udi chumbani. Kengele ya moto ya jengo zima italia, na mtatolewa nje kwenye baridi nyote kwa sababu yako.

Sasa nije kwa mama. Uliniomba nisimwambie, na sikumwambia. Lakini alinisimamisha juzi njiani, nikitoka sokoni, akaniuliza, "Raya anakula?" Nilipomjibu kwamba unakula, alinitazama kwa muda, kisha akasema kwamba siku hizi unacheka kabla yeye hajamaliza kuuliza. Mama yako haogopi kusikia kwamba una huzuni. Anaogopa kwamba ipo na humwambii. Mpe nusu ya habari ambayo ni ya kweli: mwambie baridi ni kali, giza linaingia mapema, unawakumbuka, na mwenzako amekuandikia umuone daktari. Mpigie saa mbili usiku ya huku, akishaswali isha, ambayo kwako ni saa kumi na moja jioni, wakati ule ule unaokulemea. Mwezi wa Machi saa za huko zikisogezwa mbele tofauti yetu itakuwa saa mbili badala ya tatu, usije ukampigia kabla hajaswali isha.

Habari za huku ni za kawaida. Mvua za vuli zinanyesha kwa kubahatisha, na wenye karafuu vianjani wanaanika na kuanua mara kadhaa kwa siku moja wakiangalia mawingu. Mdogo wako amefanya mitihani ya skuli na anasema ilikuwa rahisi, jambo ambalo limetutia hofu sote. Baba anakusalimu, ameniambia nikuandikie kwamba kitabu chake ulichokiazima hujakirudisha na anajua kipo Glasgow.

Nimefunga kifurushi chenye kanga mbili, ile leso ya zambarau uliyoisahau na soksi za sufu alizonunua mama mjini Unguja bila ya kujua kama zitakutosha, na Jumanne nitakipeleka posta. Niandikie anwani yako kamili pamoja na namba ya chumba, na katika ujumbe huo huo uniambie siku uliyopewa ya kuonana na daktari.

Wasalaam,
Mwenzako,
Sharifa