MAFUNGO YA VIJANA, BAGAMOYO

1/6
Vijana wa parokia, Tegeta: Majilio haya tunakwenda Bagamoyo!
Ijumaa 11 hadi Jumapili 13 Desemba 2026. Miaka 14 hadi 24. Nafasi 50 tu, basi ni moja.
Telezesha 👉

2/6 RATIBA
Ijumaa: basi linaondoka uwanja wa kanisa saa 8:00 mchana. Saa nane ni saa nane. Mwaka jana mmoja wetu alitufuata kwa daladala la Makumbusho, begi kichwani.
Jumamosi: masifu saa 12:00 asubuhi, uji, mada mbili, kisha kimya hadi chakula cha mchana (ndiyo, kimya kweli). Saa 9:00 alasiri tunatembea Misheni: mbuyu uliopandwa na wamisionari mwaka 1868, makumbusho, na mnara ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874. Tunamalizia kwenye Msalaba ulio ufukweni, tukisali rozari upepo wa bahari ukitupiga. Usiku kitubio na kuabudu.
Jumapili: Misa, usafi, tumerudi saa 9:00 alasiri.

3/6 MCHANGO
Sh 45,000: nauli, malazi, milo yote na kiingilio cha makumbusho. Unaweza kulipa kidogokidogo kwa mweka hazina, baada ya Misa ya pili. Dai risiti yako. Mwisho Jumapili 29 Novemba.
Hali ngumu nyumbani? Mwone mama mlezi faraghani. Hakuna atakayebaki kwa sababu ya hela.

4/6 BEBA
Biblia, rozari, daftari, kalamu. Shuka MBILI na chandarua. Mbu wa pwani hawajui kama uko mafungoni. Taulo, sabuni, mswaki, kandambili, tochi. Nguo za heshima. Wasichana, kanga moja ya ziada haijawahi kuwa nyingi. Dawa zako kama unatumia, na kadi ya bima kama unayo.
Spika acha nyumbani. Simu zinakusanywa saa 3:00 usiku, asubuhi unapewa yako.

5/6 KWA WAZAZI NA WALEZI
Shikamooni. Kila aliye chini ya miaka 18 lazima alete fomu ya ruhusa mliyosaini wenyewe. Ujumbe wa simu hautoshi, wala saini ya kaka. Fomu inauliza namba mbili za simu zinazopatikana usiku, ugonjwa au mzio alionao mtoto, na kama mnaturuhusu kumpeleka hospitali kabla hatujawapata. Pumu na kifafa msivifiche, tafadhali.
Wavulana na wasichana wanalala majengo tofauti, kila jengo na walezi wake. Kuogelea baharini hakuna.
Kikao cha wazazi: Jumapili 22 Novemba, baada ya Misa ya pili, ukumbini.

6/6 JIANDIKISHE
Fomu zipo ofisi ya parokia, Jumanne hadi Ijumaa, saa 3:00 asubuhi hadi saa 9:00 alasiri. Jina linaingia kwenye orodha ukirudisha fomu na angalau sh 10,000.
Mtag rafiki anayesemaga "nitakuja" halafu haji.