Ombi la kuweka tanki la maji juu ya slabu ya choo

Tabata Segerea,
Dar es Salaam.
12 Juni 2025

Baba Zuhura, shikamoo. Natumaini hamjambo huko Tanga, na Mama mguu unaendelea vizuri.

Naomba ruhusa yako niweke tanki la lita 1,000 juu ya slabu ya choo na bafu la uani. Gharama zote ni zangu, na siku nikihama, tanki, mabomba na koki vyote vitabaki kwenye nyumba yako.

Maji ya mtaa huu unayajua, ni ya mgao. Yakitoka ni usiku wa manane, nami huamka kukinga kwenye madumu na mapipa mpaka korido haipitiki. Yakikatika siku nyingi nanunua kwa wa mkokoteni. Sasa mama mkwe amehamia kwangu, na hawezi kubeba ndoo hadi bafuni. Kwa kweli hilo ndilo lililonisukuma kukuandikia.

Bati sitaligusa. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tanki likijaa ni tani nzima, na kenchi za mbao hazikupigwa kwa mzigo huo. Fundi aliyekujengea choo anaijua nondo aliyoilaza mle, na amekubali kuja kukagua kwanza. Akisema slabu haibebi, hakuna kitakachopandishwa. Nitakupigia tuzungumze upya.

Bomba la kupandisha litaungwa baada ya mita, na ndani ya tanki litawekwa boya ili maji yasifurike na kulowesha ukuta. Ukuta utatobolewa sehemu mbili tu, jikoni na bafuni, na utazibwa kwa saruji na kupakwa rangi ileile. Mfuniko utakaa umefungwa muda wote, mbu wasipate pa kuzalia. Mama Prisca wa upande wa mbele nimeshaongea naye: atawekewa koki yake, na bili tutaendelea kuchangia nusu kwa nusu.

Fundi amenipigia hesabu ya shilingi 560,000, vifaa na ufundi. Sikuombi uikate kwenye kodi. Ninayoomba ni mawili: kodi isipande kwa sababu ya tanki hili, na ukiihitaji nyumba kabla mkataba wangu haujaisha Juni mwakani, unirudishie nusu ya gharama. Nikiondoka kwa hiari yangu sidai hata senti. Risiti zote nitakutumia picha.

Ukiridhia, nijibu kwa meseji, kisha tuyaandike haya kwenye karatasi ya kuambatisha na mkataba, tusaini wote wawili utakapokuja mwezi ujao. Fundi ana nafasi Jumamosi tarehe 21. Bila neno lako hataanza.

Nisalimie Mama.

Mama Imani,
mpangaji wako wa upande wa uani