Onyo la maandishi kwa mpangaji: kelele za wageni na watu wanaoishi kwenye fleti bila ruhusa

Rehema S. Kondo,
Mwenye nyumba,
Sinza, Wilaya ya Ubungo,
Dar es Salaam.

18 Agosti 2025

Ndugu Joakim Elisha,
Mpangaji, fleti namba 6, ghorofa ya pili,
Sinza, Dar es Salaam.

YAH: ONYO LA MAANDISHI KWA KUVUNJA SHARTI LA 7 NA LA 9 LA MKATABA WA PANGO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tulizungumza uso kwa uso tarehe 14 Julai, ukaniambia, "Mama, yameisha." Hayakuisha, na ndiyo maana leo nakuandikia. Mkataba wetu ulianza tarehe 1 Januari na utakwisha tarehe 31 Desemba 2025. Kodi hujawahi kunisumbua, na Sh 2,700,000 za miezi sita hii zililipwa mapema Julai. Nalitaja hili kwa sababu najua ndilo utakalolisema la kwanza. Ni kweli umelipa, ila ulicholipia ni kukaa wewe na mdogo wako mliyemwandikisha kwenye mkataba, kwa utulivu ambao wapangaji wengine watano nao wanaulipia.

Nianze na kelele.

Usiku wa Jumamosi tarehe 12 Julai kuamkia Jumapili, wageni wako walikaa kwenye baraza la ghorofa ya pili wakipiga muziki kwa sabufa hadi saa tisa na robo. Mlinzi alipanda mara mbili kuwaomba wapunguze. Mara ya pili alijibiwa kwamba yeye kazi yake ni geti. Kesho yake ngazi zilikuwa na vipande vya chupa kuanzia mlangoni kwako hadi chini, na mtoto wa fleti namba 3 alijikata mguu akienda dukani asubuhi. Hapo ndipo nilipokuita tukaongea.

Usiku wa Nane Nane, Ijumaa tarehe 8 Agosti, yakarudi yaleyale, safari hii na bodaboda tatu zilizoegeshwa mbele ya geti kubwa. Mpangaji wa fleti namba 5 ni muuguzi na alitakiwa kuingia zamu ya alfajiri. Gari lake halikuweza kutoka mpaka mlinzi alipokwenda kuwaamsha wenye bodaboda, waliokuwa wamelala sebuleni kwako. Wiki moja baadaye, usiku wa tarehe 15 kuamkia 16 Agosti, ulizuka ugomvi kwenye ngazi saa saba usiku, watu wawili wakishikana mashati na kutukanana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mama wa fleti namba 4, aliyejifungua mwezi uliopita, alinipigia simu akilia. Nilikupigia wewe mara nne, hukupokea. Asubuhi uliandika kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji, "Samahanini majirani, ni wageni tu," na hapohapo ukaongeza kikaragosi cha kucheka.

Nataka nikutendee haki. Usiku wa tarehe 2 Agosti, Taifa Stars walipoifunga Burkina Faso 2-0 siku ya ufunguzi wa CHAN, mlipiga kelele sana, lakini mtaa mzima ulipiga kelele, na mimi mwenyewe nilitoka nje na sufuria na mwiko. Siku hiyo siihesabu. Hata sherehe ya kuzaliwa kwa mdogo wako mwezi wa nne sikuilalamikia, maana uliaga majirani mapema na saa tano muziki ukazimwa. Wageni siwakatazi. Sharti la 7 linasema tu kwamba kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi muziki na mazungumzo yasivuke kuta za fleti, na kwamba mpangaji anawajibika kwa kila anayeingia kwa jina lake. "Ni wageni tu" kwa hiyo si utetezi. Mgeni wako akivunja taa ya ngazi, wewe ndiye umeivunja.

Tena jambo hili si la mkataba wetu peke yake. Kelele za kero zimewekewa utaratibu na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 pamoja na kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, na majirani wa nyumba ya pili wameshaniuliza kama wapeleke malalamiko mbele. Nimewaomba wasubiri.

La pili ni zito zaidi, na ndilo lililonikosesha usingizi kuliko sabufa.

Fleti namba 6 ina vyumba viwili. Sharti la 9 linataja wakazi wawili, wewe na mdogo wako. Linaruhusu mgeni wa kulala hadi siku saba bila kuniarifu, na zaidi ya hapo kwa taarifa ya maandishi. Mgeni hawezi kuwa mkazi bila kibali changu cha maandishi, wala chumba hakipangishwi kwa mtu mwingine. Kwa mujibu wa daftari la getini, vijana wawili na dada mmoja wanalala kwako karibu kila usiku tangu mwanzoni mwa Juni. Wana nguo kwenye kamba ya kuanikia, na mmoja ameleta friji yake. Tarehe 5 Agosti kijana mmoja alimwambia mlinzi, bila kuulizwa, kwamba yeye si mgeni, analipa chumba chake kwako kila mwezi. Kama ni kweli, umepangisha nyumba yangu bila idhini yangu. Kama si kweli, nataka nilisikie kutoka kwako kwa maandishi, na si kwa mlinzi.

Utaniuliza watu watatu wanaongeza nini. Nikwambie. Simtanki letu ni la lita 5,000 kwa fleti sita, na tangu Juni maji yanakauka kabla ya siku ya mgao. Pampu inawashwa mara nyingi, na LUKU ya pampu na taa za ngazi tunaichangia kwa idadi ya vichwa, Sh 8,000 kwa mtu kwa mwezi pamoja na taka. Wewe unachangia watu wawili huku mnakaa watano. Kwa Juni, Julai na Agosti hizo ni Sh 72,000 ambazo majirani zako wamezibeba bila kujua. Karo nalo, ambalo gari la maji taka lilikuwa likija kulinyonya mara moja kwa miezi minne, mwezi huu limejaa kabla ya wakati, na harufu yake inaanzia chini ya dirisha la fleti namba 1, ambako anakaa mzee wa miaka sabini.

Kuna na suala la usalama. Funguo za geti dogo zilitolewa mbili kwa kila fleti. Sasa hivi watu wa fleti yako wanne wana funguo, maana yake zimechongeshwa bila mimi kujua. Watu hao siwajui majina, hawajatambulishwa kwa mjumbe wala kwa serikali ya mtaa, na likitokea la kutokea, wizi au moto, mwenyekiti atakuja kuniuliza mimi nani anakaa humo. Sitakuwa na jibu.

Kwa hiyo nakupa onyo hili rasmi na kukutaka ufanye yafuatayo kabla ya saa kumi na mbili jioni ya Jumatatu, tarehe 1 Septemba 2025.

Watu watatu wasio kwenye mkataba wahame. Kama yumo ndugu yako wa damu ambaye kweli hana pa kwenda, nipo tayari kumfikiria mmoja, si zaidi. Niletee barua ya maombi, nakala ya kitambulisho chake cha NIDA na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa anakotoka. Mpaka nitakapojibu kwa maandishi, jibu ni hapana. Chochote ulichopokea kwao kama kodi ni baina yako na wao, na nakushauri uwarudishie siku ambazo hawatakaa, kwa sababu mimi sitawatambua kama wapangaji wangu hata wakija na risiti uliyowaandikia.

Ulipe Sh 72,000 za michango niliyotaja, pamoja na Sh 85,000 za kubadilisha kitasa cha geti dogo na kuchonga funguo mpya za fleti zote. Taa mbili za ngazi zilizovunjika nimezisamehe. Ukipenda, malipo hayo yakatwe kwenye amana yako ya Sh 450,000, lakini utatakiwa kuijaza tena ndani ya mwezi mmoja. Sabufa sikwambii uiuze. Itoe barazani, na ikifika saa nne usiku izime.

Jumanne tarehe 2 Septemba saa kumi na moja jioni nitakuja kukagua fleti nikiwa na mjumbe wetu. Hii ndiyo taarifa yake. Ningependa uwepo mwenyewe. Kama una udhuru wa kazi, niambie siku nyingine ndani ya wiki hiyohiyo.

Yasipotekelezwa, au kelele za aina hii zikirudi hata mara moja kabla ya mkataba kwisha, nitakupa notisi ya kusitisha upangishaji, na ikibidi nitafungua shauri kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inataka mpangaji aliyevunja sharti aelezwe kwanza kosa lake kwa maandishi na apewe muda wa kulirekebisha. Barua hii imeandikwa kwa nia hiyo, na kodi niliyopokea Julai isichukuliwe kuwa nimeridhia hali iliyopo. Sitakukatia maji wala kukufungia mlango kwa kufuli, kama wafanyavyo baadhi ya wenye nyumba hapa mjini. Vyombo vyako pia havitatolewa nje na mtu wangu yeyote. Ukiondoka, utaondoka kwa utaratibu, na kodi ya miezi utakayokuwa hujakaa tutaihesabu baada ya kutoa madeni.

Kama unaona nimekosea tarehe yoyote au nimekuhesabia mtu asiyekaa kwako, niandikie kabla ya Jumatatu tarehe 25 Agosti. Daftari la getini liko kwa mlinzi, unaweza kulisoma mbele yake saa yoyote ya mchana. Majirani waliolalamika nakuomba usiwaendee milangoni kuwauliza nani kasema nini. Shauri hili ni langu na wewe.

Wako,

(Sahihi)
Rehema S. Kondo
Mwenye nyumba

Nakala:
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa
Mdhamini wa mpangaji kwa mujibu wa mkataba
Jalada la fleti namba 6

UTHIBITISHO WA KUPOKEA

Mimi Joakim Elisha, mpangaji wa fleti namba 6, nimepokea barua hii ya kurasa tatu leo tarehe 18 Agosti 2025 saa moja jioni mbele ya mjumbe. Kusaini kwangu ni kukiri kupokea, si kukubali kila kilichoandikwa ndani yake.

(Sahihi ya mpangaji)
(Sahihi ya mjumbe, shahidi)