Waraka kwa Bodi ya Wakurugenzi: Pendekezo la Kupitia Upya Muundo wa Mishahara ya Wafanyakazi

Kikao: Alhamisi, 23 Oktoba 2025, saa 3:00 asubuhi, ukumbi wa makao makuu, Moi Avenue, Mombasa
Ajenda nambari 6
Umeletwa na: Mkuu wa Rasilimali Watu
Hesabu zimepitiwa na: Mkuu wa Fedha
Kinachoombwa: uamuzi
Usiri: kwa wajumbe wa Bodi pekee

1. Ombi kwa Bodi

Bodi inaombwa kuchagua njia moja kati ya tatu zilizoelezwa hapa chini. Menejimenti inapendekeza Njia ya Tatu: muundo mpya wa madaraja na ngazi, utakaoanza kutekelezwa kwa awamu tarehe 1 Januari 2026. Utagharimu sh 4.18 milioni mwaka 2026, gharama za mara moja zikiwemo, na sh 4.75 milioni kwa mwaka utakapokamilika.

Kabla ya kuendelea, natangaza maslahi. Mimi, Mkuu wa Fedha na Mkurugenzi Mtendaji tumo Daraja E. Katika njia tunayoipendekeza, Daraja E haliongezwi hata shilingi. Katika Njia ya Kwanza na ya Pili tungeongezwa.

2. Tatizo lenyewe

Muundo tunaoutumia ulipitishwa mwaka 2014, chama chetu cha akiba na mikopo kilipokuwa na ofisi mbili na wafanyakazi 37. Leo tuko 84, katika makao makuu na matawi ya Likoni, Changamwe na Kisauni. Muundo ule una madaraja matano bila ngazi ndani yake. Anayeingia Daraja B hukaa pale pale, akisubiri nyongeza ya asilimia 3 ya mwaka, mpaka nafasi ya daraja la juu ipatikane. Na kwa kuwa soko la kuajiri halikutusubiri, tumekuwa tukiwapa wapya mishahara ya mapatano ili wakubali kuja.

Matokeo yake nimeyaona mezani kwangu mwezi Julai. Keshia mmoja wa tawi la Likoni, ambaye ametutumikia miaka tisa na hajawahi kuwa na upungufu wa fedha usioelezeka, aliniletea hati yake ya mshahara: sh 36,500 kabla ya makato. Mwenzake wa dirisha la pili, aliyeajiriwa Februari na ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kazi, anapata sh 39,000. Hakuja kwa ugomvi. Aliuliza tu, "Niwaambieje watoto wangu kuhusu uaminifu?" Sikuwa na jibu, na ndipo nilipokagua hati zote za Daraja B na C. Nimekuta wafanyakazi 13 wenye zaidi ya miaka mitano kazini wanaolipwa chini ya mtu aliyeajiriwa baada yao kwa kazi ile ile. Tisa kati yao ni wanawake. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri alipe ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Pengo hili hatukulikusudia, lakini mbele ya mahakama ya kazi itatubidi kulieleza.

Jambo la pili ni makato. Mfanyakazi wa kawaida wa Daraja B anapata sh 38,000. Kwa mshahara huo huo, Januari 2023 angekatwa sh 200 za NSSF na sh 950 za bima ya afya ya NHIF, jumla sh 1,150. Leo anakatwa NSSF sh 2,280, bima ya afya ya jamii sh 1,045 na tozo ya nyumba sh 570, jumla sh 3,895, kisha ndipo kodi ya mapato ya takriban sh 2,615. Anabaki na sh 31,490 kabla ya kulipa mkopo wowote. Makato haya ni ya kisheria na mengine yana faida kwake uzeeni, lakini nyongeza zetu za asilimia 3 zilimezwa zote na bado hazikutosha.

Wafanyakazi 12 sasa wamefikia mpaka wa makato, theluthi mbili ya mshahara, unaowekwa na kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira. Watu wanaowahudumia wanachama wetu mikopo kila siku hawawezi tena kukopa katika chama chao wenyewe. Jambo hili linaniuma kuliko yote yaliyomo katika waraka huu.

Tangu Aprili 2024 wametuacha wafanyakazi 11, wanane kati yao wakiwa Daraja B na C. Keshia mpya huchukua takriban miezi mitatu kabla hajaachiwa dirisha peke yake. Kuanzia Januari hadi Septemba mwaka huu tumelipa sh 940,000 za saa za ziada kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Tawi la Changamwe limefunga dirisha moja kati ya matatu kwa siku 22, baadhi yake zikiwa mwisho wa mwezi, foleni ya wanachama wa bandarini ikitoka nje ya mlango.

3. Tunakoanzia

| Daraja | Idadi | Wastani kwa mwezi (sh) | Jumla kwa mwezi (sh) |
|---|---|---|---|
| A: wasaidizi wa ofisi, madereva, matarishi | 14 | 27,000 | 378,000 |
| B: makeshia na makarani | 31 | 38,000 | 1,178,000 |
| C: maafisa wa mikopo na hesabu | 24 | 58,000 | 1,392,000 |
| D: wakuu wa matawi na wasimamizi | 10 | 96,000 | 960,000 |
| E: wakuu wa idara na Mkurugenzi Mtendaji | 5 | 188,000 | 940,000 |
| Jumla | 84 | | 4,848,000 |

Kwa mwaka ni sh 58,176,000. Ukiongeza mchango wa mwajiri kwa NSSF, tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 na ada ya NITA ya sh 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, gharama yote inafika sh 62.0 milioni. Hiyo ni asilimia 29.0 ya mapato tunayotarajia mwaka huu, sh 214 milioni. Sera ya Bodi inaweka ukomo wa asilimia 30.

Kuna gharama moja itakayokuja tupende tusipende. Februari 2026 kiwango cha juu cha mshahara unaotozwa NSSF kinapanda kutoka sh 72,000 hadi sh 108,000. Madaraja A hadi C hayaguswi, kwani yote yako chini ya sh 72,000. Kwa D na E mchango wetu utaongezeka kwa sh 25,200 kwa mwezi, yaani sh 277,200 kwa miezi 11 ya mwaka huo. Kiasi hiki kimeingizwa katika asilimia za njia zote tatu, si katika gharama ya kila njia.

4. Njia zilizopo

*Njia ya Kwanza: kubaki tulivyo.* Kila mtu anapata asilimia 3 kama kawaida. Gharama ni sh 1.86 milioni, michango ya mwajiri ikiwemo. Gharama za wafanyakazi zitakuwa asilimia 28.4 ya makadirio ya mapato ya 2026, sh 226 milioni. Ni nafuu kwenye karatasi. Keshia wetu wa Likoni atabaki nyuma ya mwenzake, na pengo lenyewe litapanuka kidogo, maana asilimia 3 ya mshahara mkubwa ni kubwa zaidi.

*Njia ya Pili: asilimia 10 kwa wote.* Ndiyo wawakilishi wa wafanyakazi waliyoiomba mwezi Agosti, na ni rahisi kuieleza. Gharama ni takriban sh 6.2 milioni kwa mwaka. Inatupeleka asilimia 30.3, juu ya ukomo wa Bodi. Tena karibu sh 2.3 milioni za nyongeza hiyo, kabla ya michango, zingeenda kwa watu 15 wa Daraja D na E, ilhali tatizo haliko huko.

*Njia ya Tatu: muundo mpya.* Kila daraja linagawanywa katika ngazi sita. Ngazi hupandwa kwa miaka ya utumishi ikiambatana na tathmini ya kazi, na mwajiriwa mpya haingii juu ya ngazi ya pili bila idhini ya kamati ya rasilimali watu ya Bodi. Mapatano ya mlangoni yanakoma. Wastani wa nyongeza ni sh 2,500 kwa A, sh 5,200 kwa B, sh 5,500 kwa C na sh 4,000 kwa D. Hakuna atakayepunguziwa mshahara. Wale wachache walio juu ya ngazi yao watasimama hapo mpaka ngazi iwafikie.

Utekelezaji unaanza na A na B tarehe 1 Januari 2026, unafuata C tarehe 1 Julai 2026, kisha D Januari 2027. Nyongeza ya asilimia 3 ya mwaka 2026 haitalipwa kwa daraja lolote.

| | 2026 (sh) | Mwaka kamili kuanzia 2027 (sh) |
|---|---|---|
| Nyongeza ya mishahara | 3,146,400 | 4,418,400 |
| NSSF na tozo ya nyumba, asilimia 7.5 | 235,980 | 331,380 |
| Tathmini ya kazi kwa mtaalamu wa nje | 680,000 | |
| Kubadili mfumo wa mishahara | 120,000 | |
| Jumla | 4,182,380 | 4,749,780 |

Bila gharama za mara moja, tutakuwa asilimia 29.1 ya mapato mwaka 2026. Mwaka 2027, hata mapato yasipopanda kupita sh 226 milioni, tutakuwa asilimia 29.7. Hesabu ya 2027 haina nyongeza nyingine yoyote, na nafasi iliyobaki ni nyembamba. Bodi iwe na hilo akilini wakati wa bajeti ile.

Kwa keshia wa wastani, sh 5,200 zitakuwa kama sh 3,267 mkononi baada ya makato na kodi. Tutawaeleza wafanyakazi hesabu hii mapema, ili mwisho wa Januari mtu asidhani ameibiwa.

5. Mwanachama anapata nini, anapoteza nini

Swali hili litaulizwa kwenye mkutano mkuu, na ni haki liulizwe. Ikilinganishwa na Njia ya Kwanza, Njia ya Tatu inachukua sh 2.33 milioni zaidi kutoka ziada ya 2026. Kwa akiba za wanachama za sh 1.1 bilioni, mwenye akiba ya sh 100,000 angekosa takriban sh 212 za riba iwapo pengo lote lingeangukia hapo. Sikuingiza katika hesabu punguzo lolote la saa za ziada, ingawa nalitarajia. Sitaki Bodi ipitishe jambo hili kwa fedha ambazo bado hatujaziona.

6. Hatari

Kubwa ni mapato. Yakibaki sh 214 milioni, Njia ya Tatu inatufikisha asilimia 30.7. Kwa hiyo awamu ya Julai iwe na sharti: Daraja C lisiongezwe mpaka mapato ya nusu mwaka yafike sh 110 milioni. Tukizuia awamu hiyo bado tutakuwa asilimia 30.3, na hapo menejimenti italeta mpango wa kusitisha ajira mpya kabla ya mwisho wa Agosti.

Ya pili ni mawasiliano. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira kinataka mabadiliko ya masharti ya kazi yafanywe kwa kushauriana na mfanyakazi na aarifiwe kwa maandishi. Tutakutana na kila tawi mwezi Novemba, Likoni wa kwanza, na kila mtu atapewa barua yenye daraja lake, ngazi yake na njia ya kukata rufaa ndani ya siku 30.

7. Maazimio yanayopendekezwa

Bodi inaombwa kuazimia kwamba:

(a) Njia ya Tatu imeidhinishwa kuanza tarehe 1 Januari 2026, kwa gharama isiyozidi sh 4,182,380 mwaka 2026;

(b) awamu ya Daraja C itategemea mapato ya nusu mwaka ya sh 110 milioni, yaliyothibitishwa na kamati ya ukaguzi;

(c) kuanzia leo, hakuna mwajiriwa mpya wa Daraja B au C atakayepewa mshahara unaozidi wa mwenye miaka mitano katika kazi hiyo hiyo;

(d) wafanyakazi 13 waliotajwa katika sehemu ya 2 wapangwe kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote;

(e) menejimenti ilete taarifa ya utekelezaji katika kikao cha Aprili 2026.

Orodha ya wafanyakazi hao 13, kwa nambari za ajira bila majina, imo katika bahasha iliyofungwa aliyonayo Mwenyekiti.

Mkuu wa Rasilimali Watu
Mombasa, 13 Oktoba 2025