Ombi la kulipiwa kozi ya mitambo ya baridi, Aprili 13 hadi 24

Kwa: Meneja Mkuu
Nakala: Idara ya Wafanyakazi, Msimamizi wa Kiwanda
Mada: Ombi la kulipiwa kozi ya mitambo ya baridi, Aprili 13 hadi 24, 2026
Viambatisho: Ankara ya chuo, mtaala wa kozi, nakala za ankara za mafundi wa mwaka jana

Bi. Akinyi,

Habari ya kazi. Naomba kampuni inilipie kozi ya wiki mbili ya ukarabati wa mitambo ya baridi, itakayofanyika Nakuru. Ada ni shilingi 46,500. Nauli kutoka Kisumu na malazi ni 17,500. Jumla ni shilingi 64,000. Chakula nitajigharamia.

Utakumbuka ile Ijumaa ya Novemba, chumba cha pili kilipoacha kushika baridi jioni, kikiwa na kilo 640 za minofu ya mbuta. Niliona kwenye geji kwamba gesi imevuja, na nikaona mafuta yametapakaa kwenye kiungo cha bomba, dalili ya wazi kabisa. Lakini cheti changu ni cha umeme, si cha friji. Sina ruhusa ya kufungua mfumo wa gesi, wala sijafunzwa kuufunga tena salama. Tukanunua barafu usiku kucha, tukamngoja fundi wa Nairobi hadi Jumamosi alasiri. Minofu ile tuliiuza kwa shilingi 150 chini ya bei yetu kwa kila kilo. Ni shilingi 96,000 zilizopotea, mbali na ankara ya fundi. Nimekuwa nikiufikiria usiku huo tangu hapo, kwa sababu kazi yenyewe ilimchukua fundi chini ya saa tatu.

Mwaka jana tulimwita mara nne, kila safari shilingi 38,000. Safari tatu zilikuwa za uvujaji tu. Sisemi hatutamhitaji tena: kompresa ikiungua, bado tutampigia simu. Ila nikizuia safari mbili pekee, kampuni itakuwa imeokoa 76,000, zaidi ya gharama yote ya kozi.

Kuna jambo lingine linalonisukuma. Vyumba vyetu vinatumia R-404A, gesi inayopasha dunia joto mara zaidi ya 3,900 ya kaboni dioksidi. Chini ya Marekebisho ya Kigali ya 2016, gesi za aina hii zinapunguzwa hatua kwa hatua, na Kenya imo katika makubaliano hayo. Kila uvujaji tunaojazia bila kutafuta tundu ni pesa inayopotea hewani, na mbele ya safari gesi hii itazidi kuadimika. Mitambo mipya inakuja na gesi kama R-290, yaani propani, ambayo hushika moto. Fundi asiyefunzwa hapaswi kuigusa. Wiki ya pili ya kozi ni ya gesi hizo: kupima uvujaji kwa naitrojeni, kuvuta hewa yote kwenye mabomba kabla ya kujaza, na kukusanya gesi ya zamani badala ya kuiachilia.

Kuhusu fedha, kila mwezi tunalipa NITA ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi. Kwa wafanyakazi wetu 62, hiyo ni 37,200 kwa mwaka. Mwajiri anayelipa ushuru huo anaweza kuomba arejeshewe gharama za mafunzo, mradi kozi iwe imeidhinishwa kabla haijaanza. Kwa hiyo naomba jibu kufikia Ijumaa, Machi 13, ili Idara ya Wafanyakazi ipate muda wa kuwasilisha maombi. Fomu nitasaidia kuzijaza.

Tarehe nilizichagua makusudi. Kwaresima ndio msimu wetu mkubwa wa samaki, nami sitaki kuondoka kiwandani wakati huo. Pasaka ni Aprili 5, na wiki moja baadaye oda huwa zimetulia. Omondi amekubali kushika zamu yangu, na Wafula atasoma joto la vyumba kila baada ya saa mbili. Simu yangu itakuwa wazi jioni zote.

Nikirudi, nitawafundisha wote wawili kila Jumamosi asubuhi kwa miezi miwili, nami nitabandika mlangoni pa kila chumba daftari la ukaguzi wa viungo na geji. Niko tayari kutia sahihi mkataba wa kubaki kazini miezi 18. Nikiondoka kabla, kampuni ikate ada kulingana na miezi iliyobaki.

Kama bajeti haitoshi yote kwa sasa, naomba kampuni ilipe ada, nami nitalipa nauli na malazi, nirejeshewe kidogo kidogo kuanzia Julai.

Niko karakana kila siku kuanzia saa moja asubuhi, na naweza kuja ofisini wakati wowote utakaoniita.

Wako mtiifu,
Barasa
Fundi umeme, zamu ya mchana