Vidonge vya Bi Asha

Bibi Mwanahamisi hakukubali kopo lake libebwe na mtu mwingine. Alilipakata ndani ya bajaji kutoka Ngamiani mpaka famasi, lile kopo la biskuti lililochujuka rangi, na kila waliporuka tuta vidonge vilicheza humo chaka chaka chaka.

"Polepole, baba," alimwambia dereva. "Nimebeba hospitali hapa."

Zuhura hakucheka. Alikuwa ametoka Dar baada ya simu ya jirani: bibi yake kaishiwa nguvu alfajiri akitia udhu, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, anaongea visivyoeleweka. Walimnywesha chai yenye sukari nyingi. Muda si mrefu akauliza nani kaacha bomba wazi. Mtaa mzima ulishakubaliana kuwa ni upepo mbaya.

Mfamasia alikuwa kijana, miwani imemtelemka puani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye daktari?"

"Mfamasia, bibi."

"Basi ni hapo hapo."

Mfamasia akavimwaga vidonge kwenye trei ya kuhesabia dawa na kuanza kuvitenga kwa kijiti bapa. Vilikuwemo vyeupe, vya njano, vyekundu, nusu za vidonge, na kimoja kilichogeuka unga. Hakuna kibahasha hata kimoja. Bibi alishavitupa vyote kwa sababu vinajaza kopo.

"Vyekundu ni vya miguu," alieleza. "Vikubwa vya kichwa. Hivi vidogo vya moyo."

Mfamasia aliinua cheupe kimoja, akakinusa, akampa Zuhura naye anuse. Siki.

"Aspirini iliyoharibika. Ikipata unyevu hutoa harufu hii." Akaisukuma pembeni. Kisha akaonyesha fungu zima la vyeupe visivyo na alama yoyote. "Hivi siwezi kukwambia ni nini. Vidonge vyeupe vya duara viko vya kila namna. Nikikisia, nitakuwa nakudanganya."

Jibu hilo lilimpendeza Zuhura. Bibi halikumpendeza hata kidogo. Alitaka mtaalamu anayejua.

Vyekundu vilikuwa na maandishi. Diklofenaki, ya maumivu, aliyokuwa akijinunulia dukani kwa sababu miguu inavimba.

"Bibi, kliniki wanakupa dawa gani ya presha?"

Zuhura akatoa kadi. Amlodipini, miligramu tano, moja kwa siku.

"Hiyo yenyewe huweza kuvimbisha miguu. Na hivi vyekundu hupandisha presha na kuumiza figo. Unavimeza lini?"

"Mguu ukiuma."

"Unauma lini?"

"Kila siku."

Mfamasia akaandika kikaratasi cha kumpelekea daktari wa kliniki. Vyekundu aache kuvimeza kuanzia leo. Ya presha asiiache mwenyewe, hata miguu ikivimba. Daktari ndiye atakayeamua kama ibadilishwe.

Chini kabisa ya kopo kulikuwa na kipande cha paketi kilichokatwa kwa mkasi, jina limebaki nusu. Mfamasia alikigeuza kwenye mwanga, akavua miwani.

"Bibi, una kisukari?"

"Mimi? Allah aniepushe."

"Hii ni glibenklamidi. Inashusha sukari. Umeimeza?"

Bibi akajitengeneza kanga begani. "Miguu ilikuwa inawaka moto. Bi Asha akasema yeye ikimwaka humeza hivyo. Nikawa nameza kimoja usiku."

"Na chakula?"

"Usiku sili, mwanangu. Nikila sana silali."

Zuhura alikaa kwenye benchi. Jasho, kutetemeka, maneno yaliyopotea, ile chai: yote yalijipanga yenyewe. Mfamasia alimweleza kuwa kwa mzee dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, na inaweza kushusha sukari tena hata baada ya chai kumzindua. Akampima kwa kutoboa kidole. Leo ilikuwa sawa. Hata hivyo, akasema, waende hospitali leo leo, wamweleze daktari alichomeza, wapime na figo.

"Vya kutupa niachie. Visitupwe chooni wala jalalani, watoto wataokota."

Bibi alitazama kopo tupu kama mtu aliyeporwa. Halafu akashtuka.

"Na Bi Asha?"

"Bi Asha kafanyaje?"

"Sikuchukua bure! Yeye alinipa vya sukari, mimi nikampa vya moyo. Tulibadilishana. Kila nikitoka kliniki nampa nusu."

Kimya kidogo. "Kwa hiyo wewe presha unameza nusu ya dozi," alisema mfamasia taratibu, "naye sukari anameza nusu."

"Ndiyo, tunagawana."

Zuhura tayari alikuwa na simu sikioni. Bi Asha alipokea kwa sauti kubwa, kelele za sokoni nyuma yake.

"Shikamoo, bibi. Uko wapi? Nakutumia bajaji uje famasi. Na vidonge vyako vyote."

"Vyote?" Bi Asha aliguna. "Basi mwambie dereva aje na mtu wa kunisaidia kubeba. Mimi navihifadhi kwenye ndoo."